Jinsi ya kuomba punguzo la kodi la wategemezi kwa ndugu anayefanya kazi Japani, ukiwa Mtwara

Kwa mfanyakazi wa Tanzania Bara, makato ya PAYE hayaangalii una watoto wangapi wala kama unamtunza mama mzee. Kinachotolewa kwenye mshahara kabla ya kodi ni mchango wa pensheni. Japani ni tofauti: mfanyakazi anayewatunza wazazi au watoto, hata kama wanaishi Newala au Nachingwea, anaweza kupunguziwa sehemu ya mapato inayotozwa kodi. Fomu anaijaza yeye na kuikabidhi kwa mwajiri wake, na hilo halina ugumu. Kazi kubwa inabaki kwetu huku, kwa sababu ushahidi wote unatoka nyumbani.

Tuanze na umri, unaohesabiwa kufikia tarehe 31 Desemba. Mtoto aliye chini ya miaka 16 hapunguzi kitu kwenye kodi ya mapato. Mzazi wa miaka 70 na zaidi anayeishi mbali na mwanawe hupunguza mapato yanayotozwa kodi kwa yeni 480,000 kwa mwaka, na kijana wa miaka 16 hadi 18 huyapunguza kwa yeni 380,000. Tangu mwaka 2023, ndugu wa miaka 30 hadi 69 anayeishi nje ya Japani hahesabiwi, isipokuwa awe mlemavu, au awe aliishi Japani akaondoka kwenda kusoma nje, au awe ametumiwa yeni 380,000 au zaidi katika mwaka huo, yeye peke yake.

Ushahidi wa kwanza ni wa undugu. Kwa mzazi, cheti kinachotakiwa hasa ni cha kuzaliwa cha mfanyakazi mwenyewe, kwa kuwa ndicho chenye majina ya baba na mama. Kinaambatanishwa na nyaraka za serikali au za serikali za mitaa zinazoonyesha jina la mzazi, tarehe yake ya kuzaliwa na mahali anapoishi, pamoja na tafsiri ya Kijapani, ambayo ndugu yako anaweza kuiandika mwenyewe. Hapa ndipo majina yanapoleta balaa. Mama zetu wengi wana jina moja kwenye cheti cha mtoto, jingine kwenye kitambulisho cha NIDA, na la tatu ambalo kijiji kizima kinawaitia. Katika ofisi moja niliyokwenda, karani aliandika jina la mama kama alivyolisikia, kisha akanieleza kwa upole kwamba kulirekebisha ni maombi mapya, na kwamba siku hiyo mfumo ulikuwa chini. Soma kila herufi kabla hujaondoka dirishani.

Ushahidi wa pili, unaowagharimu watu fedha, ni wa kutuma fedha. Risiti ya benki au ya kampuni ya kutuma fedha lazima ionyeshe jina la mtumaji na jina la kila mtegemezi anayedaiwa. Fedha zilizoingia kwenye simu ya dada ili azigawe hazimhesabii mtu yeyote isipokuwa dada, na bahasha iliyoletwa mkononi wakati wa likizo haihesabiwi kabisa.

Chukua mfano wa mfanyakazi anayetuma yeni 30,000 kila mwezi, zote kwa mama yake wa miaka 72. Kwa mwaka ni yeni 360,000, na mama anahesabiwa. Mtoto wa mfanyakazi huyo, wa miaka 17, aliyeko bweni Masasi hahesabiwi, ingawa ada yake imelipwa kwa fedha hizo hizo. Akigawa zile zile 30,000, mama apate 20,000 na mtoto 10,000, kila mmoja kwa jina lake, mapato yanayotozwa kodi yanashuka kwa yeni 380,000 zaidi. Kwa aliye kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 5, hizo ni yeni 19,000 zinazobaki mfukoni, na kodi ya makazi, inayotozwa na serikali ya mtaa anakoishi, nayo hupungua mwaka unaofuata. Baba wa miaka 66 aachwe nje ya hesabu, kwa sababu kumfikishia yeye peke yake yeni 380,000 kunazidi kiasi chote kinachotumwa.

Kwa kijana wa miaka 17 kuna kikwazo: hana kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo laini yake ya simu kwa kawaida imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Mfungulie akaunti ya mtoto kwa cheti chake cha kuzaliwa, na kabla ya kuweka saini uliza benki kama akaunti hiyo inapokea fedha kutoka nje, maana mhudumu hatakwambia usipouliza.

Mtegemezi naye asiwe na kipato kikubwa: kwa mwaka 2025, kipato chake baada ya gharama hakikutakiwa kuzidi yeni 580,000, kiwango ambacho mama mwenye mikorosho michache hakifikii.

Risiti zote zimfikie mwajiri kabla ya marekebisho ya kodi ya mwisho wa mwaka. Aliyechelewa anaweza kudai marejesho kwenye ofisi ya kodi ya eneo lake kwa miaka 5 iliyopita, mradi kwa kila mwaka anaodai awe na risiti zenye majina ya wategemezi wenyewe.