Somo: Kuandika video ya menyu mpya mpaka mtazamaji ameze mate

Wiki jana nimeandikia mkahawa mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, video ya sekunde 40. Mwenyewe alinipa sentensi hii ya kuanzia: "Karibuni mjionee menyu mpya yenye vyakula vitamu sana na mandhari ya kuvutia." Ibandike kwenye video ya mkahawa wowote mjini, itakaa. Hiyo ndiyo kasoro yake. "Tamu" ni hukumu, na mtu hahukumu chakula ambacho hajakigusa.

Hatua ya kwanza, ingia jikoni kabla hujashika kalamu. Mimi nilikaa saa nzima karibu na jiko la makaa, mpishi akipika samaki wa kupaka. Niliandika vitu viwili tu: ninachosikia na ninachonusa. Rangi niliiacha, kwa sababu kamera itaionyesha bila msaada wangu. Nikaona kila akipaka tui, matone yanaangukia makaa, chwaa, kisha moshi unapanda wenye harufu ya nazi inayotaka kuungua. Hapo nikajua video inaanzia wapi.

Hatua ya pili, chagua chakula kimoja kibebe menyu nzima, ukifuate kwa mpangilio ambao mwili wenyewe hukutana nacho: sikio, pua, vidole, ulimi. Ladha ije mwisho. Na ukifika kwenye ladha, iandike kama kitu kinachotembea: nini chatangulia, nini chafuata, nini chabaki. Mwambie mpishi aonje mbele yako na akueleze hivyo hivyo. Wangu alisema, "Pilipili yaja nyuma." Nikaichukua kama ilivyo.

Hatua ya tatu, hesabu maneno. Maneno yetu ni marefu; kwa msomaji asiye na haraka mimi hupiga hesabu ya maneno mawili kwa sekunde. Hii hapa ina maneno 54, kama sekunde 27 za kusoma. Zilizobaki ni za moto na sahani:

(Giza, sauti ya makaa peke yake, sekunde 3.)
"Sikia. Hilo ni tui zito, ladondoka makaani."
(Samaki kwenye wavu, brashi inapita.)
"Changu mzima, amechanjwa ubavuni, tangawizi na ndimu zimemwingia hadi mfupani. Apakwa, ageuzwa, apakwa tena."
(Kimya, sekunde 5. Mkono unammega, mvuke unatoka.)
"Mmege. Kwanza waupata uchachu wa ukwaju, kisha nazi, na pilipili yaja nyuma."
(Barazani, taa zinawashwa.)
"Hapa barazani, magharibi imeshaingia, upepo watoka baharini na makaa bado yanukia."
(Sahani mezani.)
"Samaki wa kupaka. Menyu mpya, kuanzia Ijumaa saa moja jioni."

Tazameni mahali penyewe pamepewa sentensi moja tu, na ndani yake hakuna "mandhari". Kuna saa, upepo na harufu. Saa ndiyo inayomfanya mtu ajione ameketi pale.

Sauti ya makaa rekodini peke yake, simu iwe karibu na moto kadiri inavyostahimili, feni na friji zimezimwa. Mngurumo wa friji ukiingia, ile chwaa inapotea, na mwanzo wote unaanguka.

MASWALI

Dadangu, mteja wangu wa Nyali apikia gesi. Naweza kutaja makaa kidogo?

Hapana, kakangu. Niliwahi kuandika "moshi wa makaa" bila kuuliza, wateja wakaja kulitafuta jiko lenyewe, video ikabidi iondolewe. Gesi ina sauti yake: kitunguu kikiingia kwenye mafuta moto, kifuniko kikitetema. Kaa jikoni uitafute.

Je, wanaotazama bila sauti? "Sikia" itawafaa nini?

Swali zuri, na hapo ndipo andiko langu lina udhaifu. Kwao badilisha mstari wa kwanza uandikwe "Tui ladondoka makaani", na badala ya giza uanze na tone lenyewe, kwa karibu sana. Maandishi yasizidi maneno matano au sita kwa mara moja, na yapandishe juu kidogo, maana chini ya skrini ya simu kuna vitufe na maelezo ya akaunti.

Mwenye mkahawa ana vyakula vipya kumi na viwili, ataka vyote vitajwe.

Ukivitaja vyote kwa sekunde 40 umesoma orodha. Mwombe akubali video tatu, kila moja na mlango wake. Biriani, kwa mfano, ningeianzia kwenye kifuniko: kinafunguliwa, mvuke unatoka na zafarani, na mtu mmoja mezani anaacha kuzungumza. Majina mengine yaandikwe kwenye picha ya mwisho, yakae sekunde nne yasomeke.