SOMO: Kunyamazisha, kubana, kuzuia na kuacha kumfuata mtu Instagram, na yeye anaona nini

Wadau, habari za jioni. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne: "Dada, nikimpiga mtu bloku atajua?" Na kila nikichimba kidogo nakuta muulizaji hataki kumzuia mtu, anataka kupumzika naye tu. Naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamrudisha hapa. Nazungumzia Instagram, maana vitufe vyote vinne viko humo. Mitandao mingine ina majina kama hayo lakini matokeo hayafanani.

Kwanza hili, na mlishike: hakuna hata kimoja kati ya vinne kinachomtumia mwenzako taarifa. Akijua, amejua kwa kuchungulia mwenyewe. Kwa hiyo kila hatua hapa chini nimeeleza na mahali anapoweza kuchungulia.

1. Kuacha kumfuata

Fungua ukurasa wake, gusa "Following", kisha "Unfollow". Basi.

Yeye bado anakufuata na anaona posti zako kama kawaida. Idadi ya wafuasi wake imepungua mmoja, na akifungua orodha ya watu unaowafuata hatakuta jina lake. Mwenye wafuasi mia mbili ataona mapema, mwenye elfu ishirini huenda asione kabisa. Kama akaunti yake ni ya faragha, siku ukitaka kurudi itabidi uombe upya, na ombi hilo analiona.

2. Kunyamazisha

"Following", kisha "Mute", halafu chagua posti, stori au vyote. Kitufe hiki unakipata kwa mtu unayemfuata.

Yeye haoni chochote. Wafuasi wake ni walewale, jina lako liko palepale, na posti zako anaziona. Ndiyo dawa ya shemeji anayeweka stori arobaini kwa siku.

Angalieni mambo mawili. Stori za uliyemnyamazisha hazifutiki, zinafifia na kusogea mwisho wa mstari. Ukizigusa kwa bahati mbaya, jina lako linaingia kwenye orodha ya waliotazama kama la mtu mwingine yeyote. Pili, ukinyamazisha posti na stori, meseji zake zinaendelea kuingia na simu inalia. Meseji zina "Mute" yake: fungua mazungumzo, gusa jina lake juu, utaiona.

3. Kubana

Ukurasani kwake gusa nukta tatu juu, kisha "Restrict".

Hiki kilikuja 2019, kwa ajili ya watu wanaosumbuliwa na mtu wanayemjua, ambao wakimzuia moja kwa moja ugomvi utawaka zaidi. Anaendelea kuona posti na stori zako, na anaendelea kukomenti. Ila komenti yake mpya anaiona yeye na wewe tu. Wewe unaikuta imefunikwa, na una hiari ya kuifungua, kuiidhinisha watu wote waione, kuifuta au kuiacha hivyohivyo. Meseji zake zinahamia "Message requests" bila simu kulia. Unaweza kuzisoma na asione kwamba umesoma, wala haoni kama uko hewani.

4. Kuzuia

Nukta tatu, kisha "Block". Hapa nakaa, kwa sababu hapa niliharibu.

Usiku mmoja wifi yangu alikomenti maneno yaliyonichoma chini ya picha za arobaini ya mwanangu. Ilikuwa saa tano. Nilimzuia palepale, nikalala. Saa kumi na mbili asubuhi hasira zimeshuka, nikamfungulia, nikijua yamekwisha na hakuna aliyeona. Saa saba tu zilizopita.

Ukimzuia mtu, laiki na komenti zake zote zinaondolewa kwenye picha zako, za jana na za miaka yote ya nyuma. Ukimfungulia hazirudi. Nilikuwa na picha ya marehemu mama mkwe, ambaye ndiye mama yake mzazi, na chini yake wifi alikuwa ameandika dua ndefu wiki ile ya msiba. Ilikwenda na maneno ya usiku ule. Hakuwa na nakala, na mimi sina.

Kisha kuna kufuatana. Ukizuia, mnakatika pande zote mbili kwa pamoja, na kumfungulia hakuwaunganishi tena. Nilipogusa "Follow" asubuhi ile, kwa kuwa akaunti yake ni ya faragha, simu yake ilimwambia kwamba ninaomba kumfuata. Tunafuatana tangu kabla sijaolewa, leo naomba upya! Kumzuia hakukumpa taarifa, ila kurudi kwangu kulimpa. Saa sita mchana alinipigia kuniuliza kosa lake, na sikuwa na jibu la kumpa. Ningembana usiku ule, komenti ile moja ningeifuta, dua ingekuwepo mpaka leo.

Kwa hiyo:

- Usizuie kwa hasira ya usiku mmoja. Bana kwanza, asubuhi uamue.
- Kabla ya kuzuia, piga picha ya skrini ya komenti unazotaka kubaki nazo. Na kama amekutukana au kukutisha, piga picha za hayo pia, maana ukihitaji ushahidi baadaye komenti hazitakuwepo.
- Meseji alizotuma wakati umemzuia hazitaingia hata ukimfungulia.
- Kama mko kundi moja la mazungumzo mtaendelea kusomana humo mpaka mmoja atoke.
- Kama akaunti yako iko wazi kwa wote, anaweza kukuona kwa akaunti nyingine. Unapozuia, chagua ile njia inayozuia pia akaunti nyingine alizonazo au atakazofungua.

Yeye anaona nini? Akikutafuta kwa jina hakupati, au anakuta ukurasa usiofunguka. Ila komenti yako kwenye ukurasa wa mtu mwingine ulio wazi anaweza bado kuiona.

Maswali yawekwe hapa chini.

---

Kijana_wa_Mikanjuni: Somo zuri. Sasa nikimpiga bloku, atapata meseji kwamba nimemzuia?

Mwanzisha uzi: Aya ya pili ya somo.

Kijana_wa_Mikanjuni: Ni refu dada, nataka jibu fupi tu.

Mwanzisha uzi: Hapati.

BintiKilwa: Dada shikamoo. Mimi naomba upande wa pili. Nitajuaje kama mimi ndiye niliyebanwa? Kuna rafiki yangu siku hizi hajibu.

Mwanzisha uzi: Marahaba mdogo wangu, swali zuri. Kuna njia moja ya kupima. Kama akaunti yake iko wazi, weka komenti ya kawaida kwenye posti yake, kisha tazama posti hiyo kwa simu ya mtu mwingine asiye wewe. Ukiiona kwako na kwa mwingine haipo, huenda umebanwa. Lakini usihukumu haraka, kwa sababu komenti huweza kufichwa pia na kichujio cha maneno alichoweka yeye mwenyewe. Na kutoona kama yuko hewani hakuthibitishi lolote, wengi wamezima hiyo kwa kila mtu. Kwa rafiki, mimi ningepiga simu.

BintiKilwa: Na kuzuiwa je? Nikimtafuta mtu nikamkosa, nijue amenizuia?

Mwanzisha uzi: Hapana, mpaka ulinganishe. Mtafute kwa akaunti ya mtu mwingine, si yako ya pili. Akionekana kule na kwako hayupo, amekuzuia. Asipoonekana kote kuwili, huenda amefunga akaunti au amebadilisha jina. Ukikuta mazungumzo yenu ya zamani bado yako kwenye meseji zako isikupe matumaini wala hofu, yanabaki hata mtu akikuzuia.

FundiSimu_Makorora: Hiki cha kubana hakifanyi kazi. Nilimbana mtu mwezi mzima na bado anaangalia stori zangu kila siku.

Mwanzisha uzi: Ndugu, sikuandika popote kwamba haoni stori. Nimeandika anaona, soma tena namba 3. Kinafanya kazi yake, wewe ulitaka kazi nyingine. Kumficha stori ni kitu kingine: ukurasani kwake, nukta tatu, "Hide your story". Hapati taarifa, na posti za kawaida anaendelea kuziona.

FundiSimu_Makorora: Sawa, nimekuelewa. Nimeiona.

Mama_Vitenge: Mimi nauza vitambaa humo. Nilimbana mteja mmoja aliyekuwa anachafua komenti kila nikiweka mzigo mpya. Baadaye nikasikia kwa watu kwamba aliagiza na sikumjibu. Kumbe!

Mwanzisha uzi: Dada, hilo ndilo linalowapata wafanyabiashara wengi. Ombi lake liko "Message requests", juu ya orodha ya meseji zako, na simu haikulia kwa sababu wewe ndiye uliyeizima. Fungua usome, hatajua umesoma. Ukitaka kumjibu, ondoa kubana kwanza. Kwa ukurasa wa biashara, ukishambana mteja yeyote jiwekee siku ya kupitia humo, hata mara moja kwa wiki.

Mama_Vitenge: Nimeikuta. Ya tangu mwezi uliopita, vipande sita vya kitenge. Naenda kumwomba radhi.

Mzee_wa_Muscat: Niongeze la WhatsApp, maana watoto wananiuliza. Huko ukizuiwa meseji yako inabaki na tiki moja daima, na huoni mara ya mwisho mtu alipokuwa hewani. Lakini tiki moja huja pia simu ikizimwa au bando likiisha, kwa hiyo msigombane kwa tiki moja ya leo.

Mwanzisha uzi: Ahsante sana mzee wangu. Na kwenye kundi la familia la WhatsApp pia kuzuiana hakuwatenganishi, mtasomana kama kawaida.

Nuru_T: Kuna cha tano hamjakitaja. Mimi sitaki kumzuia mtu, nataka tu yeye aache kunifuata.

Mwanzisha uzi: Kweli, nilikiacha. Fungua orodha ya wafuasi wako, mtafute, gusa "Remove". Laiki na komenti zake za zamani zinabaki, na hapati taarifa. Kina maana zaidi kama akaunti yako ni ya faragha, kwa sababu atalazimika kuomba upya. Kama iko wazi, ataendelea kuangalia, na akitaka anakufuata tena dakika hiyohiyo.

Kijana_wa_Mikanjuni: Dada, nimerudi nikasoma yote. Nitawaonaje niliowazuia zamani?

Mwanzisha uzi: Karibu tena. Nenda kwenye mipangilio, kuna sehemu ya "Blocked", ya "Restricted accounts" na ya "Muted accounts", kila moja na orodha yake.

Kijana_wa_Mikanjuni: Nimekuta wanne. Mmoja ni binamu yangu, sikumbuki hata tuligombania nini. Namfungulia sasa hivi.

Mwanzisha uzi: Mpigie kwanza. Ukimfungulia utalazimika kumfuata upya, na hiyo ataiona kabla hujamwambia kitu.