Somo: "Modeli ina usahihi wa asilimia 98.6. Tuitumie?" Jibu la kwenye usaili

Swali hili linapenda kujitokeza kwenye usaili wa kazi za data, na wengi hulijibu kwa kumwaga fomula tatu mfululizo kisha wanyamaze. Fomula hizo msaili anazijua. Anachotaka kusikia ni kama unaweza kukaa na meneja wa kiwanda, mtu asiyejua wala asiyejali fomula, ukamwambia modeli itamgharimu nini na itamwokolea nini.

Tuchukue kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza. Minofu ikitoka kwenye meza ya wakataji inapita kwenye mkanda, na juu ya mkanda kuna kamera. Modeli inatazama picha ya kila kipande na kusema: safi, au kina dosari. Dosari ni doa la damu, mfupa uliosahaulika, ngozi iliyobaki au rangi iliyoanza kubadilika. Bakteria haimo, hiyo ni kazi ya maabara, na ukimwahidi msaili kwamba kamera itaona salmonela umeshajikosesha kazi. Zamu moja ina vipande 10,000, na 100 kati ya hivyo vina dosari. Namba ni za mfano, nimezichagua ziwe rahisi kuhesabu.

Hatua ya 1: Taja unachokitafuta

Kabla ya namba yoyote sema: "Ninachotafuta ni kipande chenye dosari, hicho ndicho nakiita 1. Kipande safi nakiita 0." Inaonekana kama jambo dogo. Kwenye maswali hapa chini mtaona linavyoweza kugeuza ripoti nzima.

Hatua ya 2: Pima dhidi ya modeli isiyofanya kazi yoyote

Andika modeli ya mstari mmoja inayosema "safi" kwa kila kinachopita. Vipande 9,900 itavipatia, 100 itavikosa. Usahihi wake ni asilimia 99.

Hapo msaili anainua kichwa, kwa sababu modeli ya kweli ina asilimia 98.6. Modeli inayojitahidi imepitwa na ile iliyolala. Sababu yake ni kwamba usahihi unahesabu majibu yote yaliyopatiwa kwa uzito mmoja, na vipande safi ni vingi mno. Kupatia kipande safi ni rahisi na hakuna anayekulipa kwa hilo, lakini ndiko karibu alama zote zinakotoka.

Hatua ya 3: Gawa vipande mafungu manne

Modeli ikisema kipande kina dosari, tunasema imepiga kengele. Tuseme modeli yetu imepiga kengele mara 200 kwenye zamu. Katika hizo 200, vipande 80 vilikuwa na dosari kweli na 120 vilikuwa safi, yaani kengele za uongo. Dosari 20 zilipita bila kuonekana. Vilivyobaki, 9,780, ni safi na modeli ilisema safi. Jumlisha 80 na 9,780, gawa kwa 10,000: asilimia 98.6 ile ile.

Ukipewa karatasi, chora kijisanduku cha vyumba vinne uandike namba hizi. Kila kinachofuata kinatoka humo.

Hatua ya 4: Presisheni na rikoli

Presisheni inauliza: kengele ikilia, ni mara ngapi inasema kweli? 80 kati ya 200, sawa na 0.40. Hili ni swali la mkaguzi anayeangalia vipande vilivyosukumwa pembeni, na katika kila vipande vitano vitatu anavikuta safi.

Rikoli inauliza: dosari zote zilizokuwepo, tumenasa ngapi? 80 kati ya 100, sawa na 0.80. Hili ni swali la mnunuzi anayefungua boksi upande wa pili.

Tazama kwamba zile 9,780 hazimo kwenye hesabu yoyote kati ya hizi mbili. Ndiyo maana wingi wa vipande safi hauwezi kuzipamba kama ulivyopamba usahihi. Ile modeli iliyolala sasa inaonekana ilivyo: rikoli yake ni 0, na presisheni haihesabiki kwa sababu haikupiga kengele hata moja. Scikit-learn itakuandikia 0 pamoja na onyo, msishtuke.

```python
from sklearn.metrics import (confusion_matrix,
    precision_score, recall_score, fbeta_score)

# 1 ni dosari, 0 ni safi
kweli = [1]*80 + [0]*120 + [1]*20 + [0]*9780  # hali halisi ya kipande
jibu = [1]*200 + [0]*9800                     # modeli ilivyosema

tn, fp, fn, tp = confusion_matrix(kweli, jibu).ravel()
print(precision_score(kweli, jibu))      # 0.40
print(recall_score(kweli, jibu))         # 0.80
print(fbeta_score(kweli, jibu, beta=1))  # 0.53
print(fbeta_score(kweli, jibu, beta=2))  # 0.67
```

Hatua ya 5: Alama ya F, kwa kifupi

F1 inaunganisha hizo mbili: `2*P*R/(P+R)`, kwetu 0.53. Ukiona rikoli ina uzito zaidi unatumia F2, ambayo ni `5*P*R/(4*P+R)`, kwetu 0.67. Mimi naitumia kupanga modeli nyingi kwa haraka, basi. Namba 0.53 haimwambii meneja chochote, na ukimpelekea hiyo peke yake atakuuliza swali ambalo huna jibu lake.

Hatua ya 6: Sogeza kizingiti, kisha ongea gharama

Hapa ndipo usaili unapatikana au unapotea.

Modeli haisemi "dosari" moja kwa moja. Inatoa namba kati ya 0 na 1, na sisi tunaamua ikifika wapi kengele ilie. Tuliyoyaona juu ni kizingiti cha 0.5. Tuseme tunakishusha hadi 0.3. Sasa inanasa dosari 92 badala ya 80, lakini kengele za uongo zinapanda kutoka 120 hadi 368. Rikoli ni 0.92, presisheni imeshuka hadi 0.20. F1 imeanguka hadi 0.33, na hata F2 inayopendelea rikoli imeshuka hadi 0.53.

Anayefuata F atasema tubaki 0.5. Ngoja kwanza. Kila kengele inampa mkaguzi kazi ya kama sekunde 30. Kwenye 0.5 kengele 200 ni dakika 100 kwa zamu. Kwenye 0.3 kengele 460 ni dakika 230. Tumeongeza dakika 130 ili kunasa dosari 12 zaidi, karibu dakika 11 za mkaguzi kwa kila kipande. Hilo ndilo swali la kumpelekea meneja, na analiweza, kwa sababu anajua anamlipa mkaguzi kiasi gani na anajua mnunuzi wake hufanya nini akikuta mfupa. Mzigo wa kwenda Ulaya si sawa na wa sokoni Kirumba. Walioko kwenye biashara hii muda mrefu wanaukumbuka mwaka 1999, Umoja wa Ulaya ulipofunga mlango kwa samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya sumu, na hawahitaji kuelezwa mnunuzi akiingiwa na shaka inakuwaje.

Mambo yanageuka kama hakuna mkaguzi na kipande kilichopigiwa kengele kinashushwa daraja moja kwa moja. Hapo kengele za uongo 368 ni minofu safi iliyouzwa bei ya chini, na 0.3 inaweza kuwa hasara tupu.

Ukilisema kwa mdomo

"Asilimia 98.6 peke yake hainiambii kitu, kwa sababu dosari ni asilimia 1 na ukisema 'safi' kwa kila kitu unapata 99. Ningetazama dosari zenyewe: tunanasa 80 kati ya 100, na kengele mbili kati ya tano ni za kweli. Kabla ya kusema tuitumie, ningeuliza kengele ikilia nani anaangalia, na dosari ikipita nani analipa. Kisha ningechagua kizingiti kwa majibu hayo."

Haifiki dakika moja. Nyamaza hapo, mwache akuulize zaidi.

Maswali ya wanakikundi

Kutoka Nyegezi: Dada shikamoo. Kwa nini F1 isiwe wastani wa kawaida tu, ujumlishe ugawe kwa mbili?

Marahaba. Chukua modeli inayopigia kengele kila kipande. Rikoli yake ni 1 na presisheni ni 0.01. Wastani wa kawaida unakupa 0.505, kana kwamba ni modeli ya kati. F1 inakupa 0.02. Fomula ile inaivuta alama kuelekea ile ndogo kati ya mbili, kwa hiyo huwezi kufidia upande mmoja uliokufa kwa kuujaza mwingine.

Kutoka Igoma: Nimefuata hatua zako kwenye data yangu inayofanana na hii, napata presisheni 0.998 na rikoli 0.988. Modeli yangu ni kali hivyo?

Hapana kaka, umeweka safi kuwa 1. Jaribu kwenye mfano wetu: 9,780 kati ya 9,800 zilizoitwa safi ni 0.998, na 9,780 kati ya 9,900 ni 0.988. Ni modeli ile ile ya 0.40 na 0.80, imetazamwa kwa upande wa pili. Weka `pos_label=0` au ubadilishe lebo.

Kutoka Musoma: Mimi nilisawazisha data, dosari nusu na safi nusu, nikapata presisheni 0.98. Si ndiyo dawa ya data isiyolingana?

Umesawazisha data ya kufundishia au ya kupimia? Ya kufundishia unaweza. Ya kupimia iache kama ilivyo kiwandani. Angalia: modeli yetu inanasa asilimia 80 ya dosari, na inakosea kama asilimia 1.2 ya vipande safi, yaani 120 kati ya 9,900. Ipe vipande 1,000 vya kila aina. Itanasa dosari 800 na kupiga kengele za uongo kama 12. Presisheni ni 800 kwa 812, sawa na 0.985. Modeli haijabadilika hata kidogo, ila kiwandani, penye dosari 1 katika kila 100, presisheni yake ni 0.40. Rikoli haisogei kwa kubadilisha mchanganyiko, presisheni inasogea sana. Kwa hiyo msaili akikutajia presisheni, muulize dosari zilikuwa asilimia ngapi ya data ya kupimia.

Msomaji huyo huyo: Shida ni kwamba nikiacha kama ilivyo, kwenye data ya kupimia nabaki na dosari 10 tu.

Basi rikoli yako inasogea pointi 10 kwa kila kipande kimoja. Ukipata 0.80 leo na 0.70 kesho, tofauti ni kipande kimoja, huwezi kusema modeli imeharibika. Kusanya zamu zaidi hadi dosari zifike mia kadhaa. Zikikawia, andika "8 kati ya 10" badala ya asilimia 80, ili anayesoma aone mwenyewe msingi ni mdogo kiasi gani.