Jinsi ya kupima deni la dola la nchi ukiwa na Excel tu: mfano wa Yurobondi ya Kenya ya 2024

Nimekaa miaka kadhaa kwenye meza ya fedha za kigeni ya benki moja hapa Nairobi na swali naloulizwa sana na watu wa nyumbani ni hili, kwani shilingi ikianguka deni linaongezekaje wakati serikali haijakopa kitu kipya? Na je tutashindwa kulipa kama Ghana? Leo ntakuonyesha hesabu yenyewe vile mimi huifanya, hatua kwa hatua, kwa Yurobondi moja tu, yaani hati ya mkopo wa dola ambayo serikali inawauzia wawekezaji wa nje, ile iliyotunyima usingizi kuanzia 2022 mpaka Februari 2024. Ukishaielewa hii moja unaweza kuchukua bondi ya nchi yoyote ukaifanyia hivohivo.

Hatua ya 1: Chukua mkopo mmoja, andika masharti yake

Usianze na jumla ya deni la taifa. Zile trilioni zinatisha lakini hazikuambii lini pesa inatakiwa wala kwa sarafu gani. Anza na mkopo mmoja, uandike vitu vinne tu: kiasi, sarafu, riba, na tarehe ya kulipa.

Wa kwetu uko hivi. Juni 2014 Kenya ilienda soko la bondi la nje kwa mara ya kwanza, na Desemba mwaka huohuo ikarudi kuongeza. Kwa ile sehemu ya miaka kumi jumla ikafika dola bilioni 2, riba 6.875% kwa mwaka, na inalipwa yote kwa mpigo Juni 2024. Hapo kwenye "kwa mpigo" weka alama nyekundu. Si kama mkopo wa sako ambao unakatwa kidogokidogo kila mwezi, hapa miaka kumi unalipa riba tu alafu siku moja wanataka bilioni 2 zote.

Hatua ya 2: Geuza kwa shilingi, kwa bei zaidi ya moja

Serikali inakusanya kodi kwa shilingi. VAT, PAYE, ushuru, vyote shilingi. Kwa iyo deni la dola lazima uliangalie kwa macho ya mtu anayelipwa mshahara wa shilingi. Fungua Excel, weka dola (kwa mamilioni) kwenye B1, riba kwenye B2, na bei ya dola kwenye B3:

```
B1: 2000
B2: 6.875%
B3: 87.5
B4: =B1*B3/1000
B5: =B1*B2/2*B3/1000
```

B4 ni deni lenyewe kwa mabilioni ya shilingi, B5 ni riba ya kila miezi sita. Mwaka 2014 dola ilikuwa kama shilingi 87 na senti, kwa iyo 87.5 inatosha. Utapata deni la bilioni 175 na riba ya bilioni 6 hivi kila nusu mwaka.

Sasa badilisha B3 pekee, weka 160, ambayo ndio bei dola iliyofika Januari 2024. Deni linaruka hadi bilioni 320 na riba ya nusu mwaka inakuwa bilioni 11. Hakuna aliyesaini mkopo mpya, dola ni zilezile bilioni 2, lakini mlipakodi ameongezewa bilioni 145. Ndio maana nasema ukisikia deni limepanda uliza kwanza, limepanda kwa sababu tumekopa au kwa sababu shilingi imeshuka? Kwa nchi ambayo nusu ya deni lake au zaidi liko nje, kama Kenya wakati ule, hayo ni mambo mawili tofauti kabisa.

Hatua ya 3: Linganisha na mapato

Bilioni 320 peke yake haikuambii kitu, iweke kando ya kodi. Mwaka wa fedha 2023/24 KRA ilikusanya takriban trilioni 2.4. Kwa bei ya 87.5 bondi hii ingekula kama 7% ya makusanyo ya mwaka mzima, kwa bei ya 160 inakula kama 13%. Bondi moja tu hiyo, kabla hujalipa mikopo mingine, walimu, hospitali, kaunti.

Kuna nchi ambazo hatua hii haiwaumizi hivi. Angola kwa mfano sehemu kubwa ya mapato ya serikali inatoka kwenye mafuta na mafuta yanauzwa kwa dola, kwa iyo sarafu yao ikishuka mapato nayo yanapanda ukiyahesabu kwa sarafu ya nyumbani (shida yao huja bei ya mafuta ikianguka). Sisi tunauza chai, maua, kahawa, ni kweli zinaleta dola, lakini dola hizo ni za mkulima na kampuni, si za Hazina. Hazina ikizitaka lazima izinunue kwa shilingi kama mtu mwingine yeyote.

Hatua ya 4: Sasa angalia dola zenyewe

Hapa ndipo watu wengi hukosea. Wanadhani nchi inashindwa kulipa kwa sababu bajeti imekauka. Bajeti inaweza kubanwa, mishahara ikacheleweshwa, bondi za ndani zikauzwa kwa riba ya juu ili kupata shilingi, na Kenya ilifanya hivo, Februari 2024 iliuza bondi ya miundombinu kwa riba ya 18.46%. Lakini mwenye Yurobondi hataki shilingi hata ukimpa gunia. Anataka dola, na dola hakuna mtambo wa kuzichapisha Nairobi.

Kwa iyo fungua taarifa ya Benki Kuu ya kila wiki, tafuta akiba ya fedha za kigeni. Mwanzoni mwa 2024 ilikuwa karibu dola bilioni 7, chini kidogo ya miezi minne ya kuagiza bidhaa, ambayo ndio kiwango Benki Kuu hujitahidi kutoshuka chini yake. Toa bilioni 2 kwenye bilioni 7. Pesa ya kulipa ilikuwepo, usidanganywe, lakini ungebaki na 5, na kila mwagizaji wa mafuta na ngano angeliona hilo na kukimbilia dola siku hiyohiyo.

Na walishaanza kukimbia mapema. Kwa mwaka 2023 mezani kwetu hali ilikuwa hivi: kwenye skrini kuna bei moja, lakini mteja akija kununua anapewa bei nyingine ya juu zaidi na bado anaambiwa asubiri. Kuna mama mmoja anayeagiza vipuri vya magari, alikuwa anahitaji dola elfu arobaini kulipia kontena, alipata elfu kumi Jumatatu, elfu nane Alhamisi, na kontena linakaa bandarini Mombasa gharama za kuhifadhi zikipanda. Wakati huohuo wauzaji bidhaa nje waliokuwa na dola kwenye akaunti walikataa kuziuza, kwa nini uuze leo 150 kama unaamini mwezi ujao ni 160? Siwalaumu, kila mmoja alikuwa anajilinda, lakini ukijumlisha wote ndio hao wanaoisukuma shilingi chini, deni linazidi kunenepa kwa shilingi, hofu ya kushindwa kulipa inapanda, na hofu ikipanda watu wanashika dola zaidi. Mzunguko unajilisha wenyewe.

Hatua ya 5: Soma hofu ya soko

Hofu ina namba yake, wanaiita yildi. Bondi inauzwa na kununuliwa kila siku kabla ya kuiva, yaani kabla ya tarehe yake ya kulipwa kufika, na bei yake inakuambia watu wanaaminije. Tuseme imebaki mwaka mmoja na bondi ya dola 100 inauzwa 90. Ukinunua utapokea 100 na riba ya 6.875:

```
=(100+6.875)/90-1
```

Jibu ni 18.75%. Maana yake mtu anadai faida ya karibu 19% ili akubali kukukopesha dola kwa mwaka mmoja, yaani anaona uwezekano mkubwa hutalipa. Kuna vipindi 2022 na 2023 ambapo yildi ya bondi yetu ya 2024 ilivuka 15%. Kwa bei hiyo huwezi kukopa upya kulipa mkopo wa zamani, na ukweli ni kwamba serikali nyingi hazilipi bondi kubwa kwa akiba, zinakopa nyingine. Mlango wa kukopa ukifungwa wakati tarehe ya kulipa iko karibu, hapo ndipo nchi inaanguka. Kuongezeka kwa riba Marekani, kutoka karibu sifuri mwanzoni mwa 2022 hadi 5.25-5.50% Julai 2023, ndiko kulikofunga mlango huo kwa nchi nyingi za Afrika kwa pamoja.

Ghana ilipitia njia hiyohiyo hadi mwisho. Mlango ulifungwa, sidi ikatoka kama 6 kwa dola mwanzoni mwa 2022 hadi zaidi ya 14 Novemba, na Desemba wakasimamisha malipo ya Yurobondi zao.

Hatua ya 6: Angalia ilivyotatuliwa, na ilitugharimu nini

Februari 2024 Kenya ilirudi sokoni, ikauza bondi mpya ya dola bilioni 1.5 na kuitumia kununua kama bilioni 1.44 za ile ya zamani kabla haijaiva. Zilizobaki zikalipwa Juni. Dola ilitoka shilingi 160 ikashuka 145 ndani ya siku chache, na mwisho wa Machi ilikuwa karibu 130. Nakumbuka simu asubuhi ile, wateja walewale waliogoma kuuza dola Januari sasa kila mmoja anataka kuuza kabla ya saa sita mchana. Akiba haikuwa imeongezeka ghafla, kilichoondoka ni ile tarehe ya Juni.

Lakini rudi kwenye Excel yako. Bondi ya zamani ya bilioni 2 ilikuwa inakula riba ya dola milioni 137.5 kwa mwaka. Mpya ni bilioni 1.5 tu, lakini kwa riba ya 9.75% inakula milioni 146.25. Deni dogo, riba kubwa. Kitu kizuri walichofanya ni kuigawa, haiivi kwa mpigo, inalipwa mafungu matatu sawa, 2029, 2030 na 2031.

Kwa iyo zoezi lako ni hili: weka 500 kwenye B1 kwa kila fungu, kisha jaribu B3 ya 130 na ya 160. Utapata bilioni 65 na bilioni 80. Alafu tafuta Yurobondi nyingine za Kenya zinazoiva karibu na miaka hiyo, uzipange kwa mwaka, uone ni mwaka gani malipo yamerundikana kuliko mingine. Huo ndio mwaka wa kuanza kufuatilia yildi miezi kumi na minane kabla.