Somo: Lebo nne za kuanzia ujumbe wa kundi, na jinsi ya kuilinda HARAKA isichakae

Kundi letu la WhatsApp lina watu 64. Jioni moja mwenzetu alituma ujumbe huu:

"Habari za jioni wapendwa. Natumaini wote mu wazima na mnaendelea vizuri na majukumu. Napenda kuwajulisha kwamba kikao cha kesho kimebadilishwa, hakitakuwa saa 10 jioni tena bali saa 3 asubuhi. Samahani kwa usumbufu."

Asubuhi yake tulifika watu tisa. Waliokosa hawakupuuza. Simu ikiwa imefungwa, arifa huonyesha jina la kundi, jina la aliyetuma, kisha maneno machache ya mwanzo. Hesabu herufi 40 za kwanza za ujumbe ule pamoja na nafasi, utapata "Habari za jioni wapendwa. Natumaini wote". Ndicho walichokiona. Wakaona ni salamu, wakasema watasoma baadaye, na baadaye ikawa saa 5 asubuhi.

Baada ya hapo tulianza kutumia lebo, yaani neno moja fupi mwanzoni mwa kila ujumbe. Tumekosea mara mbili tatu kabla haijakaa sawa, kwa hiyo naandika tulikofikia.

Hatua ya 1: Chagua lebo kwa kutazama msomaji anatakiwa afanye nini

Sisi tulianza vibaya kwa kutumia mada: FEDHA, VIKAO, VIFAA na nyingine sita. Mada haimsaidii mtu aliye katikati ya shughuli, kwa sababu FEDHA inaweza kuwa risiti ya kusoma wikiendi, na inaweza kuwa mchango unaofungwa leo. Halafu lebo zikiwa tisa, mwandishi anasimama kufikiri atumie ipi, anachoka, anaacha. Tulibaki na nne:

HARAKA: acha unachofanya usome sasa.
JIBU: kila mmoja anatakiwa ajibu, na tarehe ya mwisho imetajwa.
SWALI: anayejua asaidie, asiyejua apite.
TAARIFA: soma ukipata nafasi, hutakiwi kufanya lolote.

JIBU na SWALI wengi huzichanganya. Ukiandika "SWALI: Nani atakuja Jumamosi?" watu 50 watanyamaza wakidhani wenye habari watajibu. Hiyo ni JIBU, kwa sababu unahitaji neno la kila mtu.

Hatua ya 2: Ipe HARAKA kipimo

Hapa ndipo makundi mengi yanaposhindwa. Kila mwandishi huona jambo lake ni la haraka, na hadanganyi, kwake ni la haraka kweli. Kwa hiyo kipimo kisiwe hisia za mwandishi. Kabla ya kutuma jiulize: mwanakundi akiusoma ujumbe huu kesho badala ya leo, atapoteza nini? Kama unaweza kukitaja kitu hicho kwa maneno matatu manne (atakosa kikao, atafungiwa mlango, atalipa mara mbili), andika HARAKA. Kama hukipati, ni TAARIFA au JIBU.

Utajua HARAKA imeanza kuchakaa kwa dalili moja: watu wanaanza kuiongezea. Ukiona "HARAKA SANA" au "HARAKA KWELI JAMANI", ujue neno lenyewe tupu halisomwi tena. Rudini kwenye kipimo siku hiyohiyo, msisubiri.

Hatua ya 3: Lebo, nukta mbili, jambo, saa

Ujumbe ule ungeandikwa hivi:

"HARAKA: Kikao cha kesho ni saa 3 asubuhi, si saa 10 jioni. Mahali ni palepale. Habari za jioni wapendwa, samahani kwa mabadiliko ya ghafla."

Herufi 40 za kwanza sasa ni "HARAKA: Kikao cha kesho ni saa 3 asubuhi". Hata asiyefungua simu amekwisha kupata ujumbe. Angalia pia kwamba saa mpya imetangulia ya zamani. Ukianza na "hakitakuwa saa 10", arifa inaweza kukatika hapo na msomaji akabaki na saa isiyofaa.

Mabano ya mraba yaache. Kwenye simu nyingi lazima ubadilishe kibodi mara mbili kuyapata, na kitu kinachosumbua kuandika hakidumu. Ukitaka lebo ikolee, weka nyota pande zote mbili:

```
*HARAKA:* Kikao cha kesho ni saa 3 asubuhi
```

Hatua ya 4: Weka lebo kwenye maelezo ya kundi

Mistari minne ile ya juu, basi. Mgeni ataikuta hapo.

Hatua ya 5: Funga ulichofungua

HARAKA iliyoisha huendelea kuwashtua wanaofungua simu usiku. Aliyeituma aujibu ujumbe wake mwenyewe: "HARAKA IMEISHA: funguo zimepatikana." WhatsApp hukuruhusu kuhariri ujumbe ndani ya dakika 15 tu, kwa hiyo usitegemee kwenda kuibadilisha lebo ya asubuhi.

MASWALI YA WANAKUNDI

*Dada, kuanza na jambo bila salamu si kukosa adabu? Kundini kwetu kuna wazee.*

Wasiwasi huo ni wa kweli na kwetu ulitukwamisha wiki nzima. Salamu haijafutwa, imehamia nyuma ya jambo, kama kwenye mfano wa hatua ya 3. Wazee wetu tuliwaeleza kwanza ana kwa ana, tukawaonyesha arifa ilivyokatika kwenye simu zao wenyewe. Walikubali kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. TAARIFA na SWALI zinaweza kutanguliza salamu fupi baada ya lebo, hazina mbio.

*Tuna mwenzetu mmoja kila kitu chake ni HARAKA. Tumfanyeje?*

Msimrekebishe mbele ya watu 64. Admini amwandikie pembeni, achukue ujumbe wake mmoja na kumuuliza lile swali la kipimo: nani angepoteza nini? Mara nyingi utagundua anaogopa hatajibiwa. Mfundisheni JIBU yenye tarehe, maana ndiyo aliyokuwa akiitafuta.

*Kwa nini tusitumie emoji nyekundu tu, ni rahisi zaidi?*

Kwa sababu kila mtu huipa maana yake. Tena mwenye uoni hafifu anayetumia kisomaji cha skrini husomewa jina zima la ile emoji, na ukiweka tatu atasomewa mara tatu kabla ya kulifikia jambo. Neno linatosha.

*Nina mambo mawili, moja la haraka na moja la kawaida. Niandike lebo mbili?*

Tuma jumbe mbili. Ukiyaunganisha, la kawaida litazikwa, na wanaojibu hutajua wanajibu lipi.

*Telegram je? Huko watu wanatumia alama ya reli.*

Inafaa huko, kwa sababu #taarifa inabonyezeka na inakuletea jumbe zote zenye neno hilo. Kubalianeni tahajia moja tu. #taarifa na #taarifaa ni rafu mbili tofauti.

*Nimelizima kundi sauti. HARAKA itanifikia?*

Hapana. Lebo haipigi kengele, inamsaidia aliyekwisha kutazama skrini. Jambo likiwa la ndani ya saa moja, sisi tunaandika HARAKA kundini kisha watu watatu wanagawana majina na kupiga simu. Orodha ya mgawo huo iandaliwe mapema. Yetu iko chini ya zile lebo nne kwenye maelezo ya kundi.