Kumfundisha mfanyabiashara asilimia: punguzo, faida na riba ya mkopo mdogo

Mwongozo huu ni kwa yeyote anayefundisha watu wazima wenye biashara zao, iwe kwenye kikundi cha akiba, darasa la jioni au hata mtu mmoja tu aliyekuomba umsaidie hesabu. Naandika kwa sababu majuzi nilikuwa namwelekeza mama mmoja anayeuza mabegi, kuzidisha na kugawanya anajua vizuri kuliko wengi waliomaliza shule, ila akawa anatoa punguzo la asilimia 20 akiamini bado anabaki na faida kidogo, kumbe habaki na kitu. Na siyo yeye peke yake, ni karibu kila mfanyabiashara niliyekaa naye. Shida haiko kwenye hesabu yenyewe, iko kwenye kutouliza asilimia hiyo ni ya kitu gani.

Hatua ya 1: Pata kumi, pata moja

Usianze na kanuni ubaoni. Andika 1,000, uliza asilimia 10 yake ni ngapi, halafu 5, halafu 1. Wengi watajibu kichwani kabla hujamaliza kuuliza. Kutoka hapo 15 ni kumi na nusu yake, 20 ni kumi mara mbili. Ikishakaa songa mbele, usiwacheleweshe.

Vifaa ni daftari na kalkuleta ya kawaida, basi. Ila kitufe cha % mimi nawakataza kabisa mwanzoni, na nina sababu. Bonyeza 800 + 20 % kwenye kalkuleta mbalimbali uone, nyingi zitakupa 960, lakini kuna nyingine zitakupa 1,000 kwa sababu zimetengenezwa kuhesabu faida kwa bei ya kuuzia. Sasa mtu ambaye bado hajaelewa ataamini kioo. Wapige 800 × 20 ÷ 100, waone 160, ndio waamue wenyewe wanaijumlisha au wanaitoa.

Hatua ya 2: Kila asilimia iwe na "ya"

Hii ni sheria ya darasani, hakuna ruhusa kuandika "asilimia 20" ikakaa yenyewe. Inaandikwa "asilimia 20 ya bei ya kuuzia", au "ya gharama", au "ya deni lililobaki". Mtu akitaja asilimia bila "ya", darasa zima limuulize: ya nini? Wataona kama unawasumbua, wasumbue tu.

Hatua ya 3: Punguzo

Hapa ni pepesi. Bei 1,000, punguzo asilimia 10 ya bei hiyo ni 100, mteja analipa 900. Wafundishe pia njia fupi, ukitoa 10 zimebaki 90, kwa hiyo 1,000 × 90 ÷ 100, maana njia hii wataihitaji kwenye hatua inayofuata. Kitu kimoja cha kuangalia ni punguzo juu ya punguzo: 10 halafu 10 nyingine siyo 20, kwa sababu ile ya pili ni ya 900 siyo ya 1,000, kwa hiyo mteja analipa 810. Hapo hapo "ya nini" inaanza kuleta maana.

Hatua ya 4: Faida, na hapa ndipo mtakapolala

Tenga muda mwingi kwa hatua hii kuliko zingine zote, na usiiunganishe na mkopo siku moja.

Anza na gharama. Muulize begi umenunua bei gani, atakwambia 740. Usiandike bado. Uliza usafiri, uliza mifuko ya kufungia, uliza kila kilichotoka mfukoni mpaka begi likafika mezani. Ikifika 800, ndio unaandika gharama 800. Ukianza na 740 hesabu zote za mbele zitakuwa sahihi na bado zitamdanganya.

Anauza 1,000. Faida ni 200, hapo hakuna anayebisha. Sasa liulize darasa faida ni asilimia ngapi, na nyamaza. Watagawanyika. Wengine watasema 25, kwa sababu 200 ni robo ya 800. Wengine 20, kwa sababu 200 ni moja ya tano ya 1,000. Waache wabishane kidogo, halafu waambie wote wako sawa ila hawajamaliza sentensi. Ni asilimia 25 ya gharama, na ni asilimia 20 ya bei ya kuuzia. Faida ni ile ile 200, kilichobadilika ni kile unachoigawia.

Usimwambie mtu njia moja ni sahihi na nyingine makosa. Mfanyabiashara akiwa ananunua mzigo anafikiria kwa gharama, "nikiweka robo juu nitauza ngapi", na hiyo ni njia nzuri tu. Lakini akishakuwa anauza, kila kitu kinachomkata kinakatwa kwenye bei ya kuuzia: punguzo la mteja, kamisheni ya anayemuuzia, makato ya malipo ya simu. Kwa hiyo mimi nasimamia hili: kupanga bei tumia ya gharama kama umezoea, lakini kuamua upunguze kiasi gani tumia ya bei ya kuuzia, na daftarini ziwe safu mbili tofauti zenye vichwa vilivyoandikwa kikamilifu. Ukiziweka safu moja watu watachanganya tu, hata walioelewa.

Yule mama wa mabegi hesabu yake ilikuwa hivi: nimeweka 25, natoa punguzo la 20, nabaki na 5. Ukisikia mtu anatoa asilimia moja kwenye nyingine namna hiyo, usimrekebishe kwa maneno, mpe kalkuleta. 800, weka asilimia 25 yake, inakuwa 1,000. Sasa toa asilimia 20 ya 1,000. Imerudi 800. Akaipiga tena, akanyamaza, halafu akaniambia, "Mwalimu, kwa hiyo wale wateja wote wa mwisho wa mwezi nilikuwa nawabebea mzigo tu." Ndiyo, ndivyo ilivyokuwa. Ile 25 ilikuwa ya 800 na ile 20 ilikuwa ya 1,000, huwezi kuzitoa moja kwenye nyingine maana hazitoki kwenye kiasi kimoja.

Baada ya hapo wape swali la kugeuza, na hili ndilo linalokula masaa: gharama 800, nataka faida iwe asilimia 30 ya bei ya kuuzia, niuze ngapi? Karibu wote watafanya 800 × 30 ÷ 100, wapate 240, wauze 1,040. Usiseme wamekosea, waambie wakague: 240 ni asilimia ngapi ya 1,040? Ni kama 23, haifiki 30. Hapo watakwama, na sababu ya kukwama ni kwamba bei yenyewe bado hawaijui, sasa watachukuaje asilimia yake. Wakumbushe njia fupi ya kwenye punguzo. Kama faida ni 30 kati ya kila 100 ya bei, gharama ni zile 70 zilizobaki. Yaani 800 ndiyo 70. Tafuta 1 kwa kugawanya kwa 70, kisha tafuta 100.

```
bei ya kuuzia = gharama ÷ (100 − asilimia ya faida) × 100
800 ÷ 70 × 100 = 1,142.86
```

Atauza 1,150. Kanuni hiyo iandike mwisho kabisa, baada ya kusema "800 ndiyo 70" kwa mdomo mara nyingi. Ukiianza kanuni watainakili na wiki ijayo hawaikumbuki. Dalili kwamba mtu ameelewa ni kwamba anakagua jibu lake kwa kurudi nyuma bila kuambiwa. Na dalili kwamba bado, ni mtu kukwambia anapata faida ya asilimia 120 ya bei ya kuuzia, kitu ambacho hakiwezekani kwa sababu faida haiwezi kuzidi bei yenyewe. Ya gharama inaweza, ukinunua 100 ukauza 220 umeipata.

Hatua ya 5: Punguzo linakula faida, siyo bei

Rudi kwenye begi la 1,000. Mteja anaomba asilimia 10, inasikika ndogo. Lakini ile 100 haitoki kwenye 800 ya gharama, hiyo imeshalipwa, inatoka yote kwenye faida ya 200. Kwa hiyo punguzo la asilimia 10 ya bei limekula asilimia 50 ya faida. Mwulize basi: ili upate faida ile ile ya jana itabidi uuze mangapi? Mara mbili. Punguzo linaweza kuleta wateja mara mbili kweli? Hilo anajua yeye na soko lake, wewe kazi yako ni kumpa swali.

Hatua ya 6: Riba

Hapa "ya nini" ni ile ile, ila sasa kiasi chenyewe kinabadilika kila mwezi. Chukua mkopo wa 12,000, miezi 6, riba asilimia 2 kwa mwezi, na mtaji unarudishwa 2,000 kila mwezi. Wakopeshaji wawili wanaweza kutaja hiyo 2 na wakawa hawasemi kitu kimoja.

Wa kwanza anapiga 2 ya mkopo wa mwanzo, mwezi wa kwanza hadi wa mwisho. Ni 240 kila mwezi, jumla 1,440. Wa pili anapiga 2 ya deni lililobaki: 240, halafu 200, 160, 120, 80, 40. Jumla 840.

Wafanye wachore jedwali la mistari 6 kwa mkono, mwezi, deni lililobaki, riba. Usiwaletee jedwali lililochapishwa, maana ni kwenye kuandika mstari wa mwisho ndipo mtu anaona kwamba mwezi wa 6 anadaiwa 2,000 tu, lakini yule wa kwanza bado anamtoza 240, ambayo ni asilimia 12 ya hela aliyonayo mkononi. Ukijumlisha deni la kila mwezi (12,000 hadi 2,000) unapata 42,000, na 1,440 ukiigawa kwa hiyo ni kama asilimia 3.4 kwa mwezi. Ni makadirio, siyo hesabu ya benki, lakini yanatosha kulinganisha wakopeshaji.

Kuna na ada ya kukatwa mapema. Wakikata 600 kabla hujapewa, umepokea 11,400 ila unarudisha kama uliyepokea 12,000. Hiyo 600 iongezwe kwenye riba kabla ya kulinganisha, gharama ya mkopo wa kwanza inakuwa 2,040.

Zoezi la mwisho ni kila mtu aandike maswali ya kumuuliza mkopeshaji kabla ya kusaini, na aulize hivi hivi: asilimia hii ni ya mkopo wa mwanzo au ya deni lililobaki? Ni kwa mwezi au kwa mwaka? Nitapokea ngapi mkononi, na jumla nitarudisha ngapi? Akipata majibu mawili ya mwisho kwa namba, atoe moja kwenye nyingine, alinganishe na faida ambayo mzigo utakaonunuliwa kwa hela hiyo utamwingizia ndani ya miezi ile ile. Kwa mkopo huu, kwa begi lenye faida ya 200, zile 2,040 ni mabegi 11, maana 10 yanaacha pengo la 40. Na akitoa lile punguzo la asilimia 10, ni mabegi 21.