Somo: Kugawa 35,000 ya kisukari kwa mwezi mzima

Dada yangu mkubwa ana miaka 61, anauza maandazi Mbagala. Alipoambiwa ana kisukari aina ya pili, mwanawe alimnunulia mashine ya kupimia sukari na boksi la stripu 50. Akawa anapima kila asubuhi bila kukosa, na boksi lilipokwisha akanunua jingine kwa 36,000. Mwezi ule metformini ilimwishia tarehe 19. Alikaa bila dawa mpaka mwisho wa mwezi, huku akiandika kwenye daftari 13, 14, 16. Yaani alikuwa analipa zaidi ya shilingi 700 kila asubuhi ili mashine imwambie kuwa hana dawa.

Nina kisukari mwaka wa tisa sasa, na kosa hilo nimelifanya pia. Tulikaa chini na daftari lake tukapanga upya. Bei nitakazotaja ni za mtaani kwetu, wewe weka za kwako. Somo hili linamhusu mtu wa vidonge. Anayechoma insulini asome kwanza swali la pili huko chini, maana hesabu yake ni nyingine.

Hatua ya kwanza: dawa ya siku 30 itoke kabla ya kitu kingine

Dada anakunywa metformini ya miligramu 500, vidonge viwili asubuhi na viwili jioni. Hivyo ni vidonge 120 kwa mwezi, na kwa shilingi 100 kimoja inakuwa 12,000. Glibenklamidi, kidonge kimoja asubuhi, 1,500. Dawa ya presha 3,000. Jumla 16,500. Fedha hiyo inatolewa siku anayopokea mchezo wake wa upatu, na dawa zinanunuliwa siku hiyohiyo, kwa sababu akiziweka fedha ndani zinaliwa na unga na mafuta.

Ukifika famasi taja jina la dawa na uzito wake: "metformini 500". Ukitaja jina la boksi ulilozoea, utauziwa boksi hilo hata kama pembeni yake ipo ya kiwanda kingine kilichosajiliwa, kwa nusu bei, na dawa ni ileile. Uliza pia famasi mbili au tatu. Zile zinazotazamana na geti la hospitali mara nyingi ndizo ghali.

Presha usiikate ili kuinusuru sukari. Figo, macho na moyo vya mgonjwa wa kisukari huharibiwa na vyote viwili, na vidonge vya presha ni katika vitu vya bei nafuu kabisa kwenye orodha hii.

Hatua ya pili: stripu moja, swali moja

Kabla hujachoma kidole jiulize: namba ikitoka nitafanya nini? Kama jibu ni "hakuna", rudisha stripu kwenye kopo. Anayetumia metformini peke yake, na hali yake imetulia, hana haja ya kupima kila siku. Dawa hiyo yenyewe ni nadra kushusha sukari mpaka ikawa hatari, na dozi yake haibadilishwi kwa namba ya asubuhi moja. Glibenklamidi ni habari tofauti, inaweza kuishusha kweli.

Tulimpangia dada stripu 12 kwa mwezi, yaani boksi la 25 la 18,000 linakaa miezi miwili. Nne ni za asubuhi kabla ya kula, moja kila wiki. Nne nyingine ni jozi mbili: unapima kabla ya mlo fulani, halafu saa mbili tangu uanze kula mlo huohuo. Nne za mwisho haziguswi mpaka mwili useme kitu.

Jozi ndizo zilizomfundisha zaidi. Sahani yake ya kawaida ya wali wa nazi ilimtoa 7.8 ikampeleka 14.2. Wiki iliyofuata alipunguza wali nusu, akajaza maharage na mchicha, ikaishia 10.1. Stripu nne, na tangu hapo hahitaji kuulizia wali tena.

Zile nne za akiba nazo zilifanya kazi. Mara kwa mara, kama saa tano asubuhi, alikuwa anatetemeka na kutoka jasho. Mwenyewe aliamini sukari imepanda, hivyo akawa anaruka chakula cha mchana. Safari hii alipima: 3.4. Kumbe anameza glibenklamidi alfajiri, anashinda kwenye karai la mafuta, hali kitu mpaka saa saba. Chini ya 4 ni sukari ya kushuka. Alikunywa maji yenye vijiko vitatu vya chai vya sukari, akasubiri dakika 15, akapima tena. Namba hizo mbili alizipeleka kliniki zikiwa zimeandikwa na saa zake, na daktari akamtoa kwenye glibenklamidi akamweka kwenye gliklazidi kwa dozi ndogo, anayomeza akianza kula. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani inasema glibenklamidi haifai kwa waliozidi miaka 60, kwa hiyo kama una mzee nyumbani anayeitumia, ulizia.

Hatua ya tatu: usipoteze stripu uliyoinunua

Siku moja dada alinipigia simu analia, mashine imesoma 17.6. Nilimuuliza alikuwa anafanya nini. Alikuwa anafungia watu maandazi, vidole vina sukari. Alinawa kwa maji na sabuni, akajifuta vizuri, ikasoma 9.1. Embe lililomenywa hufanya vilevile. Spiriti si lazima, maji na sabuni vinatosha, ila kidole kikauke.

Damu ikiwa haba mashine inatoa kosa na stripu imekwenda. Ning'iniza mkono chini kidogo, usugue mpaka upate joto, ndipo uchome ubavuni mwa kidole, si katikati. Na kopo lifungwe papo hapo, lisikae jikoni. Stripu zikipigwa na unyevu zinasoma uongo wala huwezi kuuona kwa macho.

Kabla ya kununua mashine, ulizia kwanza bei ya stripu zake na kama zinapatikana mtaani kwenu. Mashine ya bure yenye stripu za kuagizia mjini itakuumiza.

Hatua ya nne: safari moja ya kliniki, kazi nyingi

Kliniki yake, nauli na malipo, ni 7,000 kila miezi miwili, kwa hiyo anaweka 3,500 kwa mwezi. Asubuhi ya kliniki hatumii stripu yake, atapimwa kulekule. Anakwenda na daftari, na maboksi ya dawa zote. Siku hiyo anavua viatu wamwangalie nyayo, anapimwa presha, na mara moja kwa mwaka mkojo kwa ajili ya protini, damu kwa ajili ya figo, na macho. Usipoomba, foleni ikiwa ndefu, utaandikiwa dawa na kurudishwa nyumbani.

Halafu anaweka 5,000 kila mwezi kwa ajili ya HbA1c, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu. Akifikisha miezi sita ana 30,000. Kwangu kipimo hiki kinashinda maboksi mawili ya stripu, na wengi wetu hutakiwa tuwe karibu na asilimia 7.

Jumla: dawa 16,500, stripu 9,000, kliniki 3,500, akiba ya kipimo 5,000. Ni 34,000. Elfu moja iliyobaki ni pakiti ya glukosi ya kuweka kwenye mkoba. Gliklazidi ilipoingia iliongeza gharama kidogo, tukaitoa kwenye stripu za asubuhi: sasa nazo ni mbili.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tanga: Kaka, mwezi huu nina fedha ya nusu ya metformini tu. Ninywe siku moja niache moja, au ninywe yote iishe?

Usiache siku nzima, dada. Nunua hiyo nusu, na kama dozi yako ni viwili asubuhi na viwili jioni, unywe kidonge kimoja asubuhi na kimoja jioni, pamoja na chakula, na wiki hiihii urudi kliniki uwaambie ukweli kuwa fedha haikutosha. Wasipojua, wataona sukari juu wakuongezee dawa ya pili, ambayo nayo hutaimudu. Na muulize mhudumu kama dawa zipo kwenye dirisha la hospitali kabla ya kwenda famasi.

Mwanachama, Morogoro: Mimi nachoma insulini mchanganyiko asubuhi na jioni. Hizo stripu 12 zinanitosha?

Hazikutoshi, ndugu yangu. Kwako insulini na sindano ndiyo hatua ya kwanza, na stripu zinafuata palepale, kwa sababu unachoma dawa inayoshusha. Ukiweza, pima kabla ya kila sindano. Ukibanwa, siku moja pima asubuhi, ya pili pima jioni, na kila unapohisi kutetemeka au ukiumwa. Mwenye aina ya kwanza asisimamishe insulini hata siku moja, hata kama hajala vizuri; sukari ikizidi 15 na anatapika au anapumua kwa nguvu, ni hospitali saa hiyohiyo. Kama ni mtoto au kijana, ulizia kliniki ya watoto ya hospitali ya mkoa, zipo zinazotoa insulini na stripu bure kupitia miradi.

Mwanachama, Dodoma: Chupa yangu ya insulini ina mililita 10, natumia yuniti 20 kwa siku. Mwezi unaisha imebaki karibu nusu. Naimwaga?

Chupa hiyo ina yuniti 1,000, wewe kwa wiki nne unatumia 560. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi. Nyingi huandikwa wiki nne tangu kufunguliwa, baadhi sita, na hilo linaamua. Andika tarehe ya kufungua kwenye lebo. Huna friji, iweke kwenye mfuko usiopitisha maji ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, kivulini. Ikiwa na mabonge yasiyochanganyika, au ile inayotakiwa kuwa angavu imekuwa na ukungu, hiyo imeharibika. Ulizia pia kama wana kalamu za mililita 3, kwa dozi yako huenda ukapoteza kidogo zaidi.

Mwanachama, Dar es Salaam: Kuna mzee anauza dawa ya majani, chupa 25,000, anasema unaachana na vidonge kabisa. Mnashaurije?

Hiyo 25,000 ni metformini ya dada yangu ya miezi miwili na chenji inabaki. Sina zaidi.

Mwanachama, Lindi: Mama ana miaka 66, hana kipato, na mimi kibarua kimekatika. Kuna namna?

Nenda serikali ya mtaa au kijiji chukua barua ya utambulisho inayoeleza hali yake, kisha mfike naye ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata kadi. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanaingia kwenye msamaha. Beba kitambulisho chenye umri wake, na daftari la kliniki. Dawa ikikosekana dirishani msamaha haukusaidii famasi ya nje, kwa hiyo ulizia siku ambayo mzigo huingia na mpange kliniki yake iangukie wiki hiyo.